Waraka, Kanuni au Sheria: Ipi Inashinda? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Malindi na Lamu

Maswali haya nimeyakusanya kwa watu wanaoniletea karatasi niwasomee: mama karanga wanaokaanga samaki Malindi, manahodha wa Lamu, wenye vibanda, mafundi wanaotafuta kibali cha kujenga. Karatasi hubadilika, ila swali ni lilelile: "Hii wamenipa, nalazimika kuifuata?" Ili kujibu ni lazima kwanza ujue karatasi hiyo imesimama ngazi gani. Jibu lililotolewa mara moja sikulirudia, nimetaja tu namba ya swali.

## Misingi

1. Ngazi za sheria ni zipi, tukianza juu?

Juu kabisa ni Katiba ya Kenya ya 2010. Ibara ya 2 inasema wazi kwamba sheria yoyote inayopingana nayo ni batili kwa kiasi cha mgongano huo, na kitendo cha afisa kinachoivunja hakina uhalali. Zingatia maneno "kwa kiasi cha mgongano". Sheria yenye vifungu 60 haianguki yote kwa sababu ya kifungu kimoja kibovu. Kifungu hicho ndicho kinachoanguka, vingine vinabaki.

Chini ya Katiba kuna sheria zinazotungwa na mabunge: Bunge la taifa, yaani Bunge la Kitaifa na Seneti, na mabunge ya kaunti. Wengi hudhani sheria ya kaunti daima iko chini ya sheria ya taifa, kama mtoto chini ya mzazi. Sivyo, na swali la 6 linaeleza kwa nini.

Halafu zinakuja kanuni, ambazo huandikwa na waziri au mamlaka fulani kwa ruhusa ya sheria iliyopitishwa bungeni. Karibu nazo ziko sheria ndogo, yaani masharti ya eneo dogo kama manispaa, soko au ufuko wa kupokelea samaki. Chini kabisa kuna waraka: barua ya ndani ambayo mkubwa wa ofisi huwaandikia walio chini yake kuwaeleza jinsi ya kufanya kazi.

2. Waraka una mhuri na sahihi ya mkubwa. Kwa nini usiwe sheria?

Kwa sababu mhuri hautungi sheria. Ibara ya 94(5) ya Katiba inasema hakuna mtu wala chombo, isipokuwa Bunge, chenye uwezo wa kuweka sharti lenye nguvu ya sheria nchini, ila pale Katiba yenyewe au sheria iliyotungwa inapompa uwezo huo. Ibara ya 94(6) inaongeza kwamba sheria ya Bunge ikimpa mtu uwezo huo ni lazima itaje wazi lengo lake, mipaka yake na misingi ya kufuatwa. Kwa hiyo usianze kuuliza nani ametia sahihi. Uliza ametumwa na kifungu gani.

Hii haimaanishi waraka ni karatasi ya kufungia maandazi. Unamfunga mtumishi wa umma aliyeandikiwa. Mkuu wa mapato akiandika kwamba wakusanyaji wote waanze kazi saa kumi na mbili asubuhi, anayechelewa anaweza kuadhibiwa kazini. Lakini wewe mchuuzi si mtumishi wake. Waraka peke yake hauwezi kukuongezea deni, kukuwekea kosa la jinai wala kukunyima haki uliyopewa na sheria.

3. Kanuni na sheria ndogo zina tofauti gani?

Tofauti kubwa ni ukubwa wa eneo na aina ya jambo. Kanuni hufafanua sheria kwa wote wanaohusika nayo, kwa mfano vipimo, fomu na muda wa leseni. Sheria ndogo huhusu mahali: taka zitupwe wapi sokoni, punda wafungwe wapi, vyombo vifunge gati upande gani. Zote mbili ni watoto wa sheria mama. Sheria mama isipowapa uwezo wa kusema jambo, hawana la kusema.

4. Nitajuaje karatasi niliyoonyeshwa iko ngazi gani?

Soma mstari wa kwanza na aya ya kwanza, usiangalie ukali wa maneno. Sheria ina jina, mwaka na namba, na ndani yake kuna vifungu vyenye namba. Kanuni hutangazwa katika Gazeti la Serikali, huwa na namba ya tangazo la kisheria, na kwa kawaida aya yake ya kwanza hutamka: "Kwa uwezo niliopewa na kifungu fulani cha sheria fulani." Sheria ya kaunti nayo, kwa Ibara ya 199, haianzi kutumika mpaka ichapishwe katika Gazeti.

Waraka una sura nyingine. Juu kuna nembo na "Kumb. Na.", kisha "Kwa: Maafisa wote wa Wadi", kisha "YAH:". Mwaka mmoja nililetewa karatasi ya namna hiyo imekunjwa mara nne, imelowa maji ya samaki pembeni. Ilikuwa na sahihi mbili na mhuri wa zambarau. Niliisoma mara tatu nikitafuta neno "kifungu", sikulipata hata moja. Aliyeileta alikuwa ameshalipa kwa wiki sita. Ilikuwa imeandikiwa maafisa, yeye akaonyeshwa kana kwamba imeandikiwa yeye.

Usipoona kifungu kilichotajwa, bado usihukumu. Huenda kipo lakini mwandishi hakukitaja. Kiulizie kwa maandishi, kama ilivyo kwenye swali la 9.

## Panapokuwa na mgongano

5. Kanuni ikipingana na sheria ya Bunge, ipi inafuatwa?

Sheria ya Bunge. Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013, kifungu cha 24, inasema kanuni haiwezi kupingana na sheria iliyoizaa wala sheria nyingine yoyote ya Bunge, na ikipingana ni batili kwa kiasi cha mgongano. Hapa hakuna cha "kanuni ni mpya zaidi". Mtoto hata akizaliwa leo hamtengui mama yake.

Kuna njia mbili nyingine za kanuni ya taifa kufa ambazo wengi hawazijui. Ya kwanza: ikishachapishwa, inatakiwa iwasilishwe Bungeni ndani ya siku 7 za vikao. Isipowasilishwa, nguvu yake inakoma. Ya pili ni umri: kifungu cha 21 kinaifuta kanuni yenyewe inapotimiza miaka 10, isipokuwa imefutwa mapema au muda wake umeongezwa kwa utaratibu uliowekwa. Kwa hiyo ukiletewa kanuni ya zamani, tazama tarehe yake kabla ya kubishana juu ya maneno yake. Nimeona watu wakibishana nusu saa juu ya maana ya kifungu, na hakuna aliyeuliza kama kanuni yenyewe bado iko hai.

6. Na sheria ya Bunge la taifa ikipingana na sheria ya kaunti?

Hapa ndipo panapokosewa zaidi. Kaunti haitungi sheria kwa hisani ya Nairobi. Uwezo wake unatoka kwenye Katiba yenyewe, Ibara ya 185, na kazi zake zimeorodheshwa katika Jedwali la Nne: masoko, leseni za biashara, afya ya kaunti, maegesho na nyinginezo. Kwa hiyo mgongano hausuluhishwi kwa kusema "taifa ni kubwa".

Ibara ya 191 ndiyo inayotoa dawa. Katika mambo ambayo ngazi zote mbili zina kazi, sheria ya taifa inashinda ikiwa inatumika sawasawa nchi nzima na mojawapo ya masharti fulani limetimia. Masharti yenyewe ni kwamba jambo haliwezi kusimamiwa vyema na kaunti mojamoja, au linahitaji viwango vya aina moja kila mahali, au sheria inahitajika kwa usalama wa taifa, umoja wa kiuchumi, biashara inayovuka mipaka ya kaunti au kulinda mazingira. Inashinda pia ikiwa inalenga kuzuia kaunti isitende jambo lisilo na busara linaloumiza maslahi ya nchi au ya kaunti nyingine, au linalokwamisha sera ya uchumi wa taifa. Kama hakuna hata moja kati ya hayo, Ibara ya 191(4) inasema sheria ya kaunti ndiyo inayoshinda. Nawasihi wenzangu waisome ibara hiyo wenyewe, maana hata maafisa wa kaunti nimewasikia wakijidharau wasipostahili.

Mambo mawili zaidi. Mahakama inatakiwa kwanza itafute tafsiri ya busara inayozipatanisha sheria zote mbili. Na sheria iliyoshindwa haifutwi: inalala tu pale penye mgongano, na ya juu ikiondolewa yaweza kuamka.

7. Je, marufuku ya muguka ya 2024 yalikuwa mgongano wa namna hiyo?

Ulikuwa mgongano, lakini si wa namna hiyo hasa, na ndiyo maana kisa hiki ni somo zuri kwetu wa Kilifi. Mwishoni mwa Mei 2024, magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walipiga marufuku muguka, aina ya miraa inayotafunwa, katika kaunti zao. Upande wa pili kulikuwa na Sheria ya Mazao ya 2013 na Kanuni za Miraa za 2023, ambazo zinautambua muguka kama zao halali. Tarehe 27 Mei Rais alitamka kwamba marufuku hayo hayana nguvu kwa sababu yanapingana na sheria ya taifa, na siku chache hizo hizo Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha kwa muda utekelezaji wake.

Panga karatasi hizo kwenye ngazi. Juu kuna sheria ya Bunge, chini yake kanuni iliyozaliwa nayo. Upande wa kaunti kulikuwa na amri ya gavana, ambayo ni kitendo cha serikali ya kaunti. Bunge la kaunti halikuwa limeitunga kama sheria. Ibara ya 191 inalinganisha sheria na sheria. Amri ya gavana inalazimika kwanza ionyeshe imezaliwa na sheria gani, na mipaka ya uwezo huo.

Lakini kaunti nayo ina hoja nzito, na wazazi wa Malindi walioona watoto wao wakiharibika hawakulia bure. Jedwali la Nne linaipa kaunti kazi ya afya na pia udhibiti wa dawa za kulevya. Bunge la kaunti likitunga sheria juu ya umri wa mnunuzi, saa za kuuza au umbali kutoka shuleni, hapo ndipo panakuwa na sheria mbili za kupimwa kwa Ibara ya 191, na kaunti inasimama imara zaidi kuliko iliposimama na amri.

Na tamko la Rais? Nalo si sheria. Lililokuwa na nguvu ni Sheria ya Mazao na Kanuni zake, pamoja na agizo la mahakama. Rais angenyamaza, ngazi ingekuwa ileile.

8. Sheria mbili za Bunge hilohilo zikipingana?

Ngazi haisaidii hapa kwa sababu zote ziko sawa. Mahakama hutazama ipi inazungumzia jambo lenyewe kwa umahususi: sheria ya uvuvi kuhusu nyavu hutangulia sheria ya jumla kuhusu biashara. Pia hutazama ipi imetungwa baadaye. Vigezo hivi viwili ni vya sheria za ngazi moja tu. Nimewaona watu wakivitumia kusema waraka wa mwaka huu umeishinda sheria ya 2012. Hapana.

## Ada, ushuru na leseni

9. Ofisi inaweza kupandisha ada kwa waraka?

Kwa waraka mtupu, haiwezi. Ibara ya 210(1) inasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa, kusamehewa au kubadilishwa ila kwa mujibu wa sheria. Kaunti inaruhusiwa na Ibara ya 209 kutoza ushuru wa ardhi na majengo, kodi ya burudani na kodi nyingine iliyoidhinishwa na sheria ya Bunge, na pia malipo ya huduma inazotoa. Kwa vitendo, viwango hivyo huwekwa katika Sheria ya Fedha ya kaunti inayopitishwa na bunge la kaunti, mwishoni ikiwa na jedwali refu la huduma na bei.

Tuchukue mfano tuufuate mpaka mwisho. Viwango ni vyangu, vya mfano tu. Mama Zuhura anakaanga samaki Malindi na kununua kreti 4 kwa siku. Sheria ya Fedha ya kaunti inasema kila kreti inayoshushwa kwenye banda la samaki ilipiwe shilingi 30. Asubuhi moja mkusanyaji anamwambia sasa ni 50, na anamwonyesha waraka. Nyongeza ni 20 kwa kreti, 80 kwa siku. Akifanya kazi siku 26 kwa mwezi, ni shilingi 2,080. Kwa mama karanga hiyo ni mitungi ya mafuta.

Hatua ya kwanza ni kupata jedwali la Sheria ya Fedha inayotumika sasa na kutafuta mstari wa kreti ya samaki. Hakikisha ni ya mwaka unaotumika, kwa sababu huenda bunge la kaunti limepitisha nyingine inayosema 50 kweli. Ikiwa hivyo, waraka haukupandisha kitu. Umewakumbusha maafisa tu yaliyomo kwenye sheria, na Mama Zuhura analipa 50.

Hatua ya pili, kama jedwali bado linasema 30: soma vifungu vya mbele vya sheria hiyo, usiishie kwenye jedwali. Tuseme kifungu kimoja kinasema waziri wa kaunti anaweza, kwa tangazo katika Gazeti, kurekebisha ada kwa kiasi kisichozidi asilimia 10. Basi uwezo upo, lakini una kuta mbili. Ukuta wa kwanza ni njia: tangazo katika Gazeti, na waraka si tangazo. Ukuta wa pili ni kiasi: asilimia 10 ya 30 ni 3, kwa hiyo kilele ni 33. Shilingi 50 imeruka kuta zote mbili. Hata waziri angechapisha 50 katika Gazeti, ingebaki kuruka ukuta wa pili.

Hatua ya tatu ni barua fupi. Isiwe ya matusi wala ya kulalamikia maisha. Iwe na sentensi kama hizi: "Nimeonyeshwa waraka wenye kumbukumbu hii, wa tarehe hii, unaotaka nilipe shilingi 50 kwa kreti. Jedwali la Sheria ya Fedha linaonyesha shilingi 30. Naomba mnijulishe kifungu cha sheria kinachoruhusu kiwango kipya, na nakala ya tangazo lake." Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Ukitaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ofisi ina siku 21 za kujibu. Wakikataa au wakinyamaza, unaweza kupeleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Katika barua kama hizi, jibu linalokuja mara nyingi halitaji kifungu. Linasema "kutokana na kupanda kwa gharama". Hiyo ni sababu ya kupeleka mswada bungeni, si kifungu. Litunze jibu hilo, ni ushahidi wako.

10. Wakati nasubiri jibu, nilipe au nikatae?

Swali gumu, na silijibu kwa ushujaa wa mfuko wa mtu mwingine. Samaki wanaoza. Ukikataa na kreti zikazuiwa toka asubuhi mpaka adhuhuri, hasara ni kubwa kuliko shilingi 80. Njia ninayoipendekeza ni kulipa na kudai risiti inayoonyesha kiwango kamili, kisha kuandika kwenye daftari lako: tarehe, kreti ngapi, umelipa ngapi, umelipa kwa kupinga. Ikiwa mahakama itaamua ada haikuwa halali, risiti ndizo zitakazoonyesha nani anadai nini.

Asiyekupa risiti ni habari nyingine kabisa. Hapo huenda hata waraka wenyewe hauhusiki.

11. Waraka ukinisamehe ada, naweza kuutegemea?

Watu hushangaa jibu hili. Ibara ya 210 inazuia kutoza bila sheria, na inazuia kusamehe bila sheria vilevile. Kama sheria inaruhusu msamaha, Ibara ya 210(2) inataka kila msamaha uwekwe kwenye kumbukumbu za umma pamoja na sababu yake, na upelekwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Kwa hiyo msamaha wa mdomo, au wa karatasi isiyotaja kifungu, unaweza kukugeukia mwaka unaofuata ukidaiwa malimbikizo.

Hata hivyo hujaachwa uchi. Ofisi ikikuahidi kwa maandishi utaratibu fulani, nawe ukautegemea kwa nia njema, kuna hoja ya matarajio halali ambayo mahakama huisikiliza, pamoja na haki ya kutendewa kwa uadilifu chini ya Ibara ya 47. Hoja hiyo ina kikomo: mahakama haitailazimisha ofisi kutimiza ahadi ambayo sheria inakataza. Omba msamaha uandikwe ukitaja kifungu, hapohapo unapopewa.

12. Lamu nina mashua ya abiria. Mamlaka ya taifa inanidai na kaunti inanidai. Nani mwenye haki?

Huenda wote wawili, kwa vitu tofauti. Katika Jedwali la Nne kaunti imepewa vivuko na bandari, lakini usimamizi wa safari za majini za taifa na za kimataifa umeondolewa humo. Usalama wa chombo, ukaguzi na leseni za manahodha ni mambo ya mamlaka ya taifa ya bahari. Kaunti inaweza kutoza kutumia gati lake au huduma inayoitoa pale.

Swali la kuuliza kaunti ni: nalipia huduma gani? Jibu likiwa "kutumia gati na taa zake", limesimama. Jibu likiwa "ruhusa ya chombo kuwa salama baharini", wameingia kazi isiyo yao. Na mzigo ukitoka Mokowe kwenda kaunti nyingine ukatozwa kwa sababu tu umevuka mpaka, kumbuka Ibara ya 209(5): kodi za kaunti zisizuie biashara kati ya kaunti wala mwendo wa bidhaa nchini.

## Pembezoni

13. BMU yetu, yaani kikundi cha kusimamia ufuko wa uvuvi, imepiga kura tukaweka faini. Ni sheria?

Sheria ndogo za BMU zinatambuliwa, lakini ziko mbali chini: juu yake kuna kanuni za uvuvi, juu ya kanuni kuna Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016, kisha Katiba. Kura ya wanachama haitoshi kama taratibu za kuidhinishwa na maafisa wa uvuvi hazijafuatwa. Na BMU haiwezi kuruhusu zana ambayo sheria imeikataza, hata kama kila mkono ufukoni umeinuliwa.

14. Mila zetu na sheria ya Kiislamu ziko wapi kwenye ngazi hii?

Mila zimetajwa kwa jina katika Ibara ya 2(4): nazo zikipingana na Katiba ni batili kwa kiasi hicho. Sheria ya Mahakama, Sura ya 8, inaziruhusu ziongoze kesi za madai, mradi zisiwe kinyume cha haki na maadili wala cha sheria iliyoandikwa.

Sheria ya Kiislamu ina mlango wake katika Katiba. Ibara ya 170 inaipa Mahakama ya Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali mamlaka ya mahakama hiyo. Haigusi ada za soko wala leseni, hata kama wote sokoni ni Waislamu.

15. Nakala ya Kiswahili na ya Kiingereza ya Katiba zikitofautiana, ipi inafuatwa?

Ya Kiingereza, kwa Ibara ya 259(2). Inaniuma kuandika hivyo, kwa kuwa Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa Ibara ya 7. Soma Kiswahili upate maana, lakini kabla ya kujenga hoja juu ya neno moja, linganisha nakala zote mbili.

16. Nani mwenye uwezo wa kusema rasmi kwamba sheria au waraka ni batili?

Mahakama Kuu, kwa Ibara ya 165(3)(d). Ndiyo inayoamua kama sheria inapingana na Katiba, kama jambo lililofanywa kwa jina la sheria liko ndani ya sheria hiyo, na pia migongano ya Ibara ya 191. Malindi tunayo Mahakama Kuu. Mwanasheria wa kaunti, gavana, mimi ninayekusomea karatasi, sote tunatoa maoni tu.

Kabla ya kwenda huko, Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 inataka utumie kwanza njia za malalamiko zilizopo ndani ya ofisi, isipokuwa mahakama ikuruhusu vinginevyo. Kesi nzuri zimetupwa nje kwa sababu mlalamikaji aliruka hatua hiyo. Barua ya swali la 9, yenye mhuri wa kupokelewa, ndiyo itakayoonyesha kwamba hukuiruka.